Sarafu au betri? Kusoma duara jeupe kwenye eksirei ya mtoto

Somo hili ni kwa wenzangu wa chumba cha mionzi na wahudumu wa zamu ya usiku.

Mtoto wa miaka miwili aliletwa akitoa udenda na kukataa kula. Mama alisema, "Amemeza sarafu."

Hatua ya kwanza: piga picha kuanzia shingoni hadi tumboni. Duara jeupe lilikuwa usawa wa mitulinga, mahali umio unapoanza, penye wembamba unaonasa vitu vingi. Kwa haraka ungeandika "sarafu".

Hatua ya pili: kuza picha, punguza mwangaza, kisha tazama ukingo. Sarafu ya kawaida ni nyeupe sawasawa. Hapa palitokea pete mbili, moja ndani ya nyingine. Mwangaza ukizidi, pete ya ndani humezwa na weupe.

Hatua ya tatu: picha ya ubavuni. Ukingo wa sarafu umenyooka. Wa betri una kidato, kwa sababu upande wa hasi ni mwembamba kuliko wa chanya. Tuliona kidato. Ilikuwa CR2032 ya rimoti, yaani upana wa milimita 20 na unene wa 3.2.

Hapo usisubiri ripoti, mpigie daktari simu. Betri ikinasa kwenye umio, ute unakamilisha mkondo wa umeme, na upande wa hasi hutengeneza alkali inayounguza nyama. Saa 2 zinatosha kuleta jeraha kubwa. Kidato kikielekea mbele, hatari iko kwenye koo la hewa na mishipa mikubwa, basi taja mwelekeo huo kwenye simu. Mtoto wetu alitolewa betri usiku uleule, na umio ulikuwa umeshaungua.

Maswali ya wanachama

*Kaka, sarafu za Kenya za shilingi 10 na 20 zina metali mbili. Hazitatudanganya?*
Zinaweza, dada. Nazo huonyesha duara ndani ya duara. Ndiyo maana picha ya ubavuni hairukwi: hazina kidato. Ukibaki na shaka, mhesabu mtoto kuwa ana betri.

*Kama ni sarafu kweli, nayo ni dharura?*
Ikiwa kwenye umio na mtoto anatoa udenda au anapumua kwa shida, ndiyo, itolewe mara moja. Akiwa mzima kabisa, madaktari huweza kumwangalia hadi saa 24, maana nyingine hushuka zenyewe.

*Betri iliyokwisha nguvu je?*
Rimoti ikishindwa kuwaka, betri bado ina umeme wa kuunguza.

*Mama afanye nini njiani?*
Asimtapishe. Aliyezidi mwaka 1, anayemeza vizuri na aliyemeza betri ndani ya saa 12, apewe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6. Wa chini ya mwaka asipewe kabisa. Asali ikikosekana asiende kuitafuta, aje hospitali.

*Ikishatolewa, yamekwisha?*
Bado. Alkali huendelea kula nyama, na damu inaweza kutoka hata wiki kadhaa baadaye. Akitapika damu au choo kikiwa cheusi, arudishwe saa hiyohiyo.