Faji lambda: kuelewa litiki na lisojeni kwa kuangalia plaki kwenye sahani

Nafundisha praktikali za maikrobiolojia, na kwenye karatasi za mwaka wa kwanza kuna jibu moja halikosi kila mwaka: "kuna faji za litiki na kuna faji za lisojeni". Faji ni virusi wanaoshambulia bakteria, na jibu hilo nusu tu ndo kweli. Faji T4 ni ya litiki tu, ikishaingia kwenye E. koli inaipasua, haina njia nyingine. Lambda sasa, faji hiyohiyo moja, inaweza ikapasua seli hii na seli ya jirani yake ikaamua kukaa humohumo kimya, bakteria akaendelea kuishi na kuzaana kama kawaida; hiyo ndo njia ya lisojeni, na bakteria mwenye faji aliyekaa kimya naye anaitwa lisojeni. Kwa hiyo hapa tutatumia lambda, na tutaanza na kitu unachokiona kwa macho, yaani plaki, matundu ambayo faji wanayaacha kwenye bakteria waliootea sahani, michoro ya mishale tutaifuata baadaye.

Hatua ya 1: andaa bakteria. Otesha E. koli isiyo na lambda ndani yake usiku kucha kwenye mchuzi wenye maltosi, usiweke glukosi. Sababu ni kwamba mlango ambao lambda anaushika kwenye ukuta wa seli ni protini ya LamB, kazi yake halisi ni kupitisha maltosi, na seli ikiwa na glukosi haijisumbui kuitengeneza. Mtu akiniletea sahani isiyo na plaki hata moja, swali langu la kwanza huwa ni hilo la sukari. La pili ni magnesiamu, weka MgSO4 ya 10 mM, faji inaihitaji.

Hatua ya 2: changanya na umwage. Punguza faji mara kumi kumi mpaka 10^-6. Chukua 0.1 ml ya hiyo, ongeza 0.1 ml ya bakteria, subiri dakika 20 faji zishike, halafu tia 3 ml ya agari laini iliyoyeyuka (iwe kama 45 °C hivi, ukizidisha unaua bakteria, ukichelewa inaganda na kufanya mabonge), mwaga juu ya sahani ya agari ya kawaida, acha igande, weka kwenye inkubeta 37 °C mpaka kesho. Fanya sahani nyingine ya T4 hivyohivyo.

Hatua ya 3: soma. Sahani nzima itakuwa na ukungu wa bakteria, na kwenye ukungu kuna matundu, hayo ndo plaki, kila moja imeanza na faji mmoja. Tuseme umehesabu 46, basi:

```
46 / (0.1 x 10^-6) = 4.6 x 10^8 faji kwa ml
```

Hesabu hiyo wengi wanaiweza. Sasa inua sahani kwenye mwanga uangalie katikati ya plaki. Ya T4 katikati ni angavu kabisa. Ya lambda ina pete angavu halafu katikati kuna ukungu, kama jicho lenye mtoto wa jicho. Ule ukungu ni bakteria hai, wanaota palepale ambapo faji wamejaa kuliko sehemu nyingine yoyote ya sahani. Jiulize wamepona vipi.

Hatua ya 4: rudi ndani ya seli. DNA ya lambda ikishaingia inajikunja kuwa duara, maana ncha zake mbili zina vipande vya herufi 12 vinavyoshikana. Mpaka hapo hakuna kilichoamuliwa. Kisha inatengenezwa protini inaitwa CII, na hii ndo ya kuifuatilia. Seli ikiwa imeshiba, vimeng'enya vyake vinaikatakata CII haraka, haipati nafasi ya kufanya kazi, jeni za litiki zinaendelea, DNA inanakiliwa, vichwa na mikia vinaungwa, na ndani ya saa moja hivi ukuta unapasuka wanatoka faji karibu 100. Seli ikiwa na njaa, au ikiingiliwa na faji wengi kwa mkupuo, CII inajilimbikiza na kuwasha vitu viwili: kimeng'enya cha kuchomeka DNA ya faji kwenye kromosomu ya bakteria (lambda ana sehemu yake maalumu, kati ya jeni za galaktosi na za biotini), na jeni ya cI. Protini ya CI inakalia swichi za litiki na kuzizima. Hapo faji anaitwa profaji, na kila seli ikigawanyika inamnakili pamoja na DNA yake.

Sasa unganisha na plaki. Mwanzo bakteria wameshiba, lambda anapasua, tundu linapanuka. Baadaye chakula kinapungua na faji ni wengi, baadhi ya seli zinageuka lisojeni, na kwa kuwa zina CI tayari, lambda mwingine akiingiza DNA yake nayo inazimwa hapohapo. Ndo maana wanaota katikati ya faji bila kufa.

Hatua ya 5: hakikisha, usikisie. Bakteria wa katikati anaweza pia kuwa mutanti aliyepoteza LamB, naye hafi, ila hana faji ndani. Chota ukungu kwa ncha ya kijiti, chora mistari mara mbili kupata koloni safi, otesha, kisha dondoshea matone mawili juu ya zulia la bakteria hao: lambda wa kawaida na lambda vir, huyu ni mutanti ambaye CI haiwezi kukalia swichi zake. Wakifa kwa yote mawili, hawakuwahi kuambukizwa. Wakipona kwa lambda na kufa kwa vir, ni lisojeni. Wakipona kwa yote, mlango haupo.

Hatua ya 6: mwamshe. Zungusha lisojeni kwenye sentrifuji, mwaga mchuzi, wachanganye kwenye MgSO4 (mchuzi unafyonza mionzi), mimina tabaka jembamba kwenye sahani na uwapige UV kwa sekunde chache. Ondoa mfuniko! Plastiki inazuia UV, nimeona kundi zima la wanafunzi likirudia zoezi siku nzima kwa kusahau mfuniko tu. Warudishe kwenye mchuzi gizani 37 °C. DNA ikiharibika, protini ya RecA inaamka na kuifanya CI ijikate yenyewe, swichi zinafunguka, profaji anachomoka, na mchuzi uliokuwa na ukungu unaanza kuwa maji ndani ya saa moja mpaka mbili.

Weka siku zote chupa ya lisojeni ambayo haikupigwa UV. Nayo utakuta faji kidogo, kwa sababu seli chache huamka zenyewe bila kuguswa, kwa hiyo kinachohesabika ni tofauti kati ya chupa mbili. Na uwahesabu juu ya bakteria wasio na lambda, maana juu ya lisojeni hutaona plaki hata wakiwa mabilioni. Ndo yaliyoikuta aina ya E. koli inayoitwa K-12: ilitengwa Kalifonia mwaka 1922, ikatumika maabara karibu miaka 30 ikiwa na lambda ndani na hakuna aliyejua, mpaka mwanasayansi Esther Lederberg alipowachanganya na bakteria waliokuwa wamempoteza lambda, akaona plaki, akaripoti mwaka 1951.