Rekoda ya kwanza ya mtoto: kuichagua na kumfundisha nota za B, A na G nyumbani

Mtoto wa darasa la pili au la tatu anayetaka kupiga filimbi anunuliwe rekoda ya soprano ya plastiki, ile ya kupuliza kwa mbele. Filimbi ya mianzi ya kupuliza kwa ubavuni isubiri. Filimbi ya ubavuni humtaka mtoto aielekeze pumzi kwenye ukingo wa tundu kwa midomo yake mwenyewe, na wengi hupuliza mpaka kichwa kinawazunguka bila kutoa sauti. Kwenye rekoda kazi hiyo inafanywa na mfereji mwembamba uliomo mdomoni mwa chombo, kwa hiyo sauti hutoka siku ya kwanza. Kuna na suala la hali ya hewa. Kiangazi cha Dodoma ni kirefu na kikavu, na mwanzi uliokatwa kwenye unyevunyevu ukiletwa huku hupasuka. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kuvujisha pumzi, na mtoto atadhani vidole vyake ndivyo vibaya.

Hatua ya 1: Dukani

Soprano ina urefu wa sentimita 33 hivi, vipande vitatu (kichwa, mwili na mguu), matundu saba mbele na moja nyuma la kidole gumba. Ipo nyingine inayofanana nayo kwa kila kitu ila ukubwa, inaitwa alto, ina karibu sentimita 47. Usiichukue kwa kudhani mtoto atakua nayo. Vidole vyake havitafika, na nota zake si zile zinazofundishwa hapa.

Kitu kinachowaponyoka wanunuzi wengi ni kwamba soprano zina mifumo miwili ya vidole, wa Baroki na wa Kijerumani. Baadhi huwa na herufi ndogo nyuma: B ni Baroki, G ni Kijerumani. Kama hakuna herufi, hesabu matundu ya mbele kuanzia juu, kisha linganisha la nne na la tano. Kwenye Baroki, la nne ndilo dogo na la tano kubwa zaidi. Kwenye Kijerumani, la tano ndilo dogo.

Chukua Baroki. Muuzaji anaweza kukuambia Kijerumani ni rahisi kwa watoto, na kwa nota moja ana haki: F hupigwa kwa kuongeza kidole kimoja tu juu ya vile vya G. Lakini urahisi huo unalipiwa kwenye F ya kupandishwa, yaani F#, ambayo kwenye Kijerumani hutoka imepotoka au hudai mpangilio mgumu wa vidole. Nasi tutaanza na G kama *do*. Ukipanda ngazi kutoka hapo, *ti* yake ni hiyo hiyo F#. Kwa hiyo chombo cha Kijerumani kitakukwamisha miezi michache baadaye, kwenye nyimbo ambazo mtoto anazitaka. Ukikuta Kijerumani peke yake mjini, bado kinafaa kwa B, A na G, maana nota hizo tatu hupigwa sawasawa kwenye mifumo yote miwili.

Kabla ya kulipa, pakua kwenye simu programu yoyote ya bure ya tyuna, ile inayoonyesha nota inayosikika na kama iko sawa. Omba ruhusa ya kupuliza, ufute mdomo wa rekoda kwa kitambaa safi chenye maji. Ziba tundu la nyuma na matundu matatu ya juu mbele, puliza polepole, uangalie kioo cha simu. Kinatakiwa kuonyesha G5, hezi 784 hivi. Inua kidole cha tatu upate A5 (880), kisha cha pili upate B5 (karibu 988). Mshale ukicheza kidogo upande huu na ule, hiyo ni pumzi yako. Nota zote tatu zikiwa juu kwa kiasi kilekile, vuta kichwa nje milimita moja au mbili na zote zitashuka. Lakini mbili zikiwa sawa na moja iko mbali, matundu yametobolewa vibaya na hakuna dawa. Irudishe uchukue nyingine.

Mwisho, tazama dirisha la mraba lililo chini kidogo ya mdomo. Ndani yake kuna ukingo mkali unaoikata pumzi. Ukiwa na kovu au vipande vya plastiki vilivyobaki kiwandani, sauti itakuwa na mchakacho wa upepo daima. Usiukwaruze kwa ukucha wala kijiti.

Hatua ya 2: Kichwa peke yake

Siku ya kwanza usimpe mtoto rekoda nzima. Chomoa kichwa, umwache apulize hicho tu. Ncha ya mdomo ikae juu ya mdomo wa chini, meno yasiiume, midomo ifunge pembeni. Apulize pumzi ya joto, ile ya kutia ukungu kwenye kioo kabla ya kukifuta. Mpe kioo kweli, afanye mara kadhaa, halafu ahamishie pumzi hiyohiyo kwenye kichwa cha rekoda. Sauti ikipiga yowe, amepuliza kwa nguvu. Ikitetemeka na kuzama, amepuliza kidogo mno. Kisha azibe ncha ya chini kwa kiganja, apulize tena. Sauti inashuka sana, na sasa hata ziada ndogo ya pumzi itaifanya iruke juu. Hilo ndilo zoezi bora la kipimo cha pumzi, na watoto hulipenda kama mchezo.

Hapohapo mfundishe ulimi. Kila nota huanza kwa "du", ulimi ukigusa nyuma ya meno ya juu na kuachia, bila kutumia koo. Asiyetumia ulimi huanza kila nota kwa "hu", na utasikia nota inapanda taratibu kutoka chini kabla ya kutulia. Mwambie aseme "du du du du" bila chombo, kwa mwendo wa hatua za miguu, ndipo apulize.

Hatua ya 3: B, kisha A, kisha G

Unganisha vipande kwa kuzungusha, dirisha likitazama mbele sambamba na matundu. Mkono wa kushoto ndio unaokaa juu, hata kwa mtoto anayeandika kwa kushoto, maana matundu ya chini yamepangwa kwa vidole vya kulia. Kidole gumba cha kulia kishikilie chini, usawa wa tundu la nne. Vidole vingine vya kulia vitulie tu.

B: gumba la kushoto nyuma, kidole cha shahada kwenye tundu la kwanza. A: ongeza kidole cha kati. G: ongeza kidole cha pete. Kidole kidogo cha kushoto hakina kazi kwenye rekoda, kisikunjwe chini yake.

Kaa kwenye B mpaka itoke safi kila anapoianza, hata ikichukua siku mbili tatu za dakika kumi kumi. Mzazi akiimbaimba kwaya atamsaidia sana hapa, kwa sababu B, A, G ni *mi, re, do*. Mwimbie kwanza kwa solfa, aitikie kwa sauti yake, ndipo apige. Mtoto aliyekwisha kuimba nota husikia mwenyewe anapokosea.

Kosa linalotawala wiki hizi ni tundu lisilozibwa vizuri. Mtoto hutumia ncha ya kidole badala ya nyama laini ya chini yake. Mwambie abonyeze matundu ya G, ahesabu hadi tano, kisha akuonyeshe vidole. Kwenye kila kidole lazima uone alama ya duara kamili. Duara likiwa nusu, umejua kidole kinachovujisha na upande kinakovujisha. Mara nyingi ni cha pete, na wakati mwingine gumba, ambalo hulioni kwa sababu liko nyuma. Duara likiwa limezama sana, anabana kwa hofu, na mkono utachoka kabla ya wimbo kuisha.

Hatua ya 4: Wimbo wa nota tatu

Huu mdogo umepangwa ili kila badiliko la kidole lijitokeze. Kila herufi ni pigo moja, na mstari ni kuendelea kushikilia:

G G A A | B B A – | B A G A | G – – –

Kwa solfa: *d d r r | m m r – | m r d r | d*.

Nusu ya kwanza watoto huipata upesi. Wanakwama wakitoka kipande cha tatu kuingia cha nne, pale G, A, G zinapofuatana. Kidole cha pete kinainuka, kinarudi, lakini hakitui pale kilipotoka, na badala ya G inatoka yowe. Sababu ni urefu wa kuinua: kidole kikipaa sentimita tatu nne hewani hupoteza tundu. Kiinuke sentimita moja tu, kikining'inia juu ya tundu lake. Mwache arudie hizo nota tatu peke yake, G A G, polepole sana, mpaka zitoke mara tano mfululizo bila yowe, ndipo aurudishe wimbo mzima. Kurudia wimbo wote kuanzia mwanzo kila anapokosea kunamfanya afanye mazoezi ya sehemu anayoijua tayari.

Nota zinazofuata ni C ya juu (gumba na kidole cha kati tu) na D ya juu (kidole cha kati tu, gumba likiachia). Hapo mtoto ana *do* hadi *so*, na nyimbo nyingi za shule ya Jumapili zinaingia humo. Nyimbo za Kigogo anazozisikia kwenye ilimba au zeze zisiwe za kwanza. Ilimba hutyuniwa kwa namna yake, na baadhi ya sauti zake huangukia kati ya nota mbili za rekoda, hivyo mtoto atakosa kitu ambacho chombo chake hakina.

Hatua ya 5: Utunzaji

Asubuhi za Juni na Julai, Dodoma ikiwa baridi, rekoda hukwama katikati ya wimbo, sauti ikawa ya kukoroma. Ni mvuke wa pumzi umeganda kuwa matone kwenye mfereji. Kabla ya kupiga, mtoto akipashe kichwa cha rekoda joto kwapani dakika tatu. Kikikwama, aweke kidole juu ya dirisha bila kugusa ukingo, apulize mara moja kwa nguvu, matone yatatoka.

Vumbi la kiangazi likichanganyika na mate hufanya utando. Kila wiki vitenganishe vipande, vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kichwa kikilowekwa dakika kumi. Usitumie maji ya moto. Usiiache pia ndani ya gari lililopaki juani, kwani plastiki hupinda kwenye maungio na haitazibika tena. Kila mtoto awe na yake, hata kama ni ndugu wa tumbo moja.