Swali la risasi na kipande cha mbao: usianze na nishati

Jamani hili swali la risasi kuingia kwenye mbao halafu mbao inateleza kwenye sakafu yenye msuguano, unaulizwa itateleza umbali gani, wengi wanakosea palepale mwanzo, wanachukua nishati yote ya risasi wanaipeleka kwenye msuguano.

Chukua risasi ya gramu 10 inayokuja na 400 m/s, mbao kilo 1.99 imetulia, namba ya msuguano 0.4 na g weka 10. Nishati ya risasi ni jouli 800, msuguano ni nyutoni 8, ukigawanya unapata mita 100! Kipande cha mbao cha kilo 2 kiteleze mita 100 sakafuni, hapo ujue kuna kitu umeruka.

Kilichorukwa ni ule mgongano wenyewe. Risasi ikinasa, karibu nishati yote inaishia kupasua mbao na kuwa joto, kinachobaki salama ni momenta tu, maana tukio ni fupi mno msuguano hauwahi kufanya chochote. Kwahiyo 0.01 × 400 = 2v, v ni 2 m/s. Sasa ndo unaingiza nishati: jouli 4 tu, gawa kwa 8, nusu mita.