Shati Lisibadilike Katikati ya Klipu: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupiga Picha

Tuseme fundi cherehani wa Moshi anataka klipu ya sekunde 4: kijana aliyevaa shati la kitenge cha bluu anageuka taratibu, na bluu hiyo ionekane kijani, kwa kuwa kitambaa cha kijani bado hakijafika dukani. Kwa picha 12 kila sekunde, hizo ni picha 48 za kuhariri moja moja. Ua la kitenge likihama kutoka mfukoni hadi kwenye kifungo, mtazamaji ataliona kabla hajamtazama mvaaji usoni.

Piga mapema, kabla mawingu ya mlimani hayajaanza kupitapita mbele ya jua, au baki kwenye kivuli kimoja mwanzo hadi mwisho. Simu ikae kwenye stendi. Mwanga, rangi na fokasi uvifunge mwenyewe kwenye modi ya Pro. Ukiiachia simu iamue, kijana akigeuka na ukuta mweupe ukatokeza zaidi, itapunguza mwanga na shati litaonekana limefifia kuwa karibu jeusi.

Kuhusu shati lenyewe, maua makubwa yana nafuu. Mistari myembamba hutetemeka kwenye video hata ukijitahidi vipi. Mikono ikikunjwa, ishikizwe kwa pini upande wa ndani, maana kijana akiinua mkono mara mbili tu, mkunjo umeshateremka. Piga pia picha za rejea: mbele, nyuma na pande zote mbili. Kila baada ya picha kadhaa, linganisha kola, vifungo na mikunjo na picha hizo.

Amua mapema namna utakavyohariri. Wengi hurekebisha picha ya 1 kwa macho, wakailinganisha ya 2 na ya 1, ya 3 na ya 2. Kila jozi inapendeza, lakini tofauti ndogondogo zinajumlika, na ukifika ya 48 umeshona shati jingine. Andika viwango vya rangi vya picha ya 1, kisha uvitumie vilevile kwenye kila picha halisi. Kinachochorwa upya ni mpaka wa shati tu, kwa kuwa mtu anageuka. Hifadhi kwa PNG. JPEG hupoteza ubora kila unapohifadhi upya.

Kabla hujaanza kuhariri, unganisha picha zilivyo ziwe video kwa programu ya ffmpeg kwenye kompyuta, zikiwa na majina ya picha_001.png na kuendelea:

```
ffmpeg -framerate 12 -i picha_%03d.png -pix_fmt yuv420p jaribio.mp4
```

Itazame video hiyo ikijirudia, macho yakiwa kwenye kola tu, halafu kwenye mkono tu. Kinachoruka hapo hakitatulia kwa kubadilisha rangi. Fanya hivyo kijana akiwa bado amevaa shati. Akishalivua, mikunjo ile huipati tena.