Kutafsiri "may", "might", "must" na "should": chunguza "not" inakanusha nini

Nilipoanza kazi ya tafsiri nilipewa kijikaratasi cha maelezo ya dawa kilichokuwa na sentensi "Tablets must not be crushed". Nikaandika: "Si lazima vidonge visagwe." Msomaji wa pili alikuwa muuguzi. Akanipigia simu na kuniuliza, "Kaka, kwa hiyo nikitaka naweza kuvisaga?" Vidonge vile vilitengenezwa vitoe dawa polepole kwa saa nyingi. Ukivisaga, dozi nzima inaingia mwilini kwa mkupuo. Nilikuwa nimegeuza katazo kuwa hiari kwa maneno mawili tu.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu, nao ndio ninaouandika hapa. Tuufanyie kazi kwa maandishi haya:

```
This medicine may make you sleepy.
You should not drive.
Tablets must not be crushed.
They do not have to be taken with food.
You may not feel better on the first day.
You may not give this medicine to others.
```

Hatua ya 1: Mwandishi anakisia, au anatawala?

Vitenzi hivi visaidizi vina kazi mbili. Ama mwandishi anakadiria ukweli wa jambo, ama anaruhusu, anaagiza au anashauri. "May" ya sentensi ya kwanza ni makisio, kwa sababu dawa haiombi ruhusa ya kumletea mtu usingizi. "May" ya sentensi ya mwisho inamhusu mtu mwenye hiari, na kitendo anachoweza kukatazwa.

Kwa "must", tazama kitenzi kinachofuata. Kikiwa cha hali, kama "be" au "know", mara nyingi ni makisio: "She must be tired" ni "Lazima atakuwa amechoka". Kikiwa cha kitendo, mara nyingi ni wajibu: "She must go" ni "Lazima aende". Kiswahili chetu nacho kinatofautisha, ila hatuambiwi shuleni. "Lazima" ikifuatwa na kitenzi chenye kiishio -e ni amri. Ikifuatwa na "atakuwa" ni makisio. Ukiandika "Lazima awe amechoka", msomaji atajiuliza ni nani aliyeagiza uchovu.

Ukiona "have" baada ya "must" na kitenzi cha wakati uliopita, mara nyingi ni makisio. "She must have left" ni "Bila shaka ameshaondoka". Wajibu wa wakati uliopita Kiingereza huusema kwa "had to", yaani "ilimbidi aondoke". "Should have" mara nyingi ni lawama: "You should have called" ni "Ulipaswa kupiga simu", na msomaji anaelewa papo hapo kuwa simu haikupigwa.

Hatua ya 2: "Not" inakanusha nini?

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo usiharakishe. Katika "must not", ukanushi unakwenda kwenye kitendo, wala haugusi wajibu. Wajibu unabaki palepale. Kinachotakiwa ni kutosaga. Katika "do not have to" na "need not", wajibu wenyewe ndio unaoondolewa. Kwa hiyo sentensi ya tatu ni "Vidonge visisagwe" au "Ni marufuku kusaga vidonge", na ya nne ni "Si lazima vimezwe pamoja na chakula". Mwandishi wa Kiingereza ameziweka jirani. Ukizitafsiri kwa mtindo mmoja, mojawapo itakuwa imekosewa.

Kinachotupotosha ni lugha yetu wenyewe. Tukisema "hupaswi kuendesha gari", kwa umbo tumekanusha wajibu, lakini kila mtu anasikia katazo. "Hutakiwi kuingia" na "haifai" ni vivyo hivyo. Tukizoea hayo tunadhani "si lazima" nayo itafanya kazi ileile. Haifanyi. "Si lazima" na "hulazimiki" zimebaki na maana yake ya wazi: ukitaka fanya, usipotaka acha. Basi "should not" ya sentensi ya pili unaweza kuiandika "Hupaswi kuendesha gari" bila wasiwasi, lakini "must not" usiifikishe karibu na "si lazima" hata siku moja.

"May not" ina mtego mwingine, kwa kuwa maneno yaleyale yana njia mbili. Ikiwa ni makisio, kinachokanushwa ni kitendo: "Huenda usipate nafuu siku ya kwanza." Ikiwa ni ruhusa, kinachokanushwa ni ruhusa: "Huruhusiwi kumpa mtu mwingine dawa hii." Hatua ya 1 ndiyo inayoamua. Nafuu haiombewi ruhusa. Kugawa dawa kunaweza kukatazwa. "Might not" haina shida hii, kwani katika maandishi ya kawaida ni makisio tu.

Utata huu hauwasumbui wafasiri peke yao. Hati ya RFC 2119 ya Machi 1997, inayoeleza maana ya maneno haya katika viwango vya intaneti, imefafanua "MUST NOT" na "SHOULD NOT", lakini "MAY NOT" haimo katika orodha yake. Katika hati hiyo "MAY" ni hiari kamili, na "SHOULD" inamaanisha unaweza kuwa na sababu halali ya kutofuata, mradi uwe umepima athari zake. Ukitafsiri nyaraka za namna hiyo, "SHOULD" isiwe "lazima", "inapendekezwa" inatosha.

Hatua ya 3: Pima uzito

Hii ni fupi. "May" na "might" za makisio zote ni "huenda"; "might" ni hafifu kidogo, na mara nyingi tofauti hiyo haistahili neno la ziada. Penye hatari ni "might have". "He might have died" inaweza kuwa "Huenda amekufa", na inaweza pia kuwa "Angeweza kufa", yaani amepona. "May have died" kwa kawaida ni ya kutojua tu. Soma aya nzima kabla ya kumzika mtu.

Kuwa mwangalifu pia na "-weza". "Unaweza kusinzia" ni nzuri kwa sentensi ya kwanza, ila "-weza" yetu inabeba uwezo, ruhusa na uwezekano kwa pamoja. Mimi huandika "Dawa hii huenda ikakuletea usingizi", kwa sababu mtu aliyekosa usingizi akisoma "unaweza kusinzia" anaweza kudhani anaruhusiwa.

Hatua ya 4: Msomee mtu, umuulize swali moja

Mpe tafsiri yako mtu ambaye hajaona maandishi ya Kiingereza, kisha uliza kwa kila sentensi: "Nikifanya hivi, nimekosea?" Kwa kijikaratasi chetu majibu yanapaswa kuwa hivi: nikiendesha gari, nimekosea; nikisaga, nimekosea; nikimeza bila chakula, sijakosea; nikimpa jirani, nimekosea. Kwa sentensi ya kwanza na ya tano atakushangaa, maana usingizi na nafuu si vya kufanya. Mshangao huo ndio jibu sahihi. Akijibu "ndiyo" au "hapana" bila kusita kwenye hizo mbili, umeandika ruhusa mahali pa makisio.

Na ukikutana na "may not" isiyofunguka hata kwa muktadha, kwa mfano "Staff may not attend" iliyosimama peke yake kwenye ratiba, usibahatishe. Mwandikie aliyekutuma: wafanyakazi wamekatazwa kuhudhuria, au huenda wasije?