Kabla ya kufunga leja ya wadaiwa Desemba hii

Duka la pembejeo hapa Mbeya huanza kukopesha mvua zinaponyesha. Novemba inatoka mbolea ya kupandia, Desemba inafuata ya kukuzia, na fedha nyingi hazionekani mpaka watu wavune. Kwa hiyo mwisho wa Desemba kadi za wateja zimejaa, karani amechoka, na mwenye duka anauliza swali moja tu: watu wananidai, au mimi nawadai, na ni kiasi gani?

Jibu la upande wa wateja lina njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua kadi ya kila mteja, kutoa salio lake na kuyajumlisha yote. Ya pili ni kusoma salio la akaunti ya udhibiti ya wadaiwa, ambayo haina jina la mteja hata mmoja. Yenyewe inapokea jumla za mwezi: mauzo yote ya mkopo kutoka daftari la mauzo, makusanyo yote kutoka daftari la fedha, marejesho yote, na madeni yaliyofutwa. Njia zote mbili zinatakiwa kufika mahali pamoja. Zisipofika, kuna kosa, na umeshajua limekaa kwa wateja bila kupekua vitabu vyote.

Kabla hujagusa kikokotoo, hakikisha basi kwamba njia hizo ni mbili kweli. Niliwahi kukabidhiwa vitabu vya duka moja ambalo udhibiti ulilingana na kadi miezi tisa mfululizo, bila tofauti ya hata shilingi. Nikafurahi kwa dakika kumi hivi. Kumbe karani alikuwa anajumlisha kadi za wateja, kisha anaandika jumla hiyo hiyo kwenye akaunti ya udhibiti. Alikuwa anajilinganisha na kivuli chake. Jumla za udhibiti lazima zitoke kwenye madaftari ya mwanzo, na ikiwezekana ziingizwe na mtu asiyeposti kadi. Wanaotumia programu ya kompyuta nao wajue hili: ukiingiza ankara mara moja, programu inaipeleka kwenye kadi na kwenye udhibiti kwa pamoja. Kulingana kwake hakukuambii kwamba ulichoingiza ni sahihi, maana kosa limeingia pande zote mbili kwa mlango mmoja.

Jambo la pili ni tarehe. Fuso imepakia mifuko jioni ya tarehe 31 Desemba kwenda Tukuyu, ankara ikaandikwa tarehe 2 Januari kwa sababu mwenye funguo za kabati alishaondoka. Amueni mapema mauzo hayo ni ya mwezi gani, na uamuzi huo ufuatwe kwenye kadi na kwenye daftari la mauzo. Mara nyingi kadi inapostiwa palepale kwa kuwa dereva anataka nakala, daftari linajazwa baada ya sikukuu, na tofauti inazaliwa hapo.

La tatu linatusumbua zaidi siku hizi kuliko zamani: fedha zisizo na mwenyewe. Mteja anatuma 500,000 kwa lipa namba, jina linalotokea ni la mkwe wake, na hapigi simu. Daftari la fedha linaipokea kama malipo ya mteja, jumla inaenda kwenye udhibiti, lakini hakuna kadi inayopunguzwa kwa kuwa hakuna anayejua ni kadi gani. Fedha kama hizo ziwekwe kwenye akaunti ya muda, nje ya udhibiti, mpaka mwenyewe ajulikane. Usiziingize kwenye kadi ya mteja unayemdhania.

Halafu toa orodha ya masalio ya wateja, na uwe macho na wale waliolipa zaidi ya wanavyodaiwa. Wapo, hasa wanaoweka fedha mapema ili mbegu isiwaishie. Salio la mtu huyo ni la krediti, na kwenye orodha linatolewa. Karani akilijumlisha pamoja na mengine, orodha inazidi kwa mara mbili ya kiasi hicho.

Sasa tuone kazi yenyewe. Tuchukue duka la Mwanjelwa lililoanza Desemba likiwadai wateja 18,400,000. Akaunti ya udhibiti ilivyoandikwa mara ya kwanza ilikuwa hivi: mauzo ya mkopo 26,650,000, makusanyo 21,300,000, marejesho ya mbolea iliyoloana 780,000, na deni la 400,000 lililofutwa. Ukianza na salio la mwanzo, ukaongeza mauzo na kutoa hayo mengine matatu, unabaki na 22,570,000. Orodha ya kadi ilisema 23,310,000. Tofauti ni 740,000, orodha ikiwa kubwa.

Kila aliyesoma uhasibu hukimbilia kugawa kwa mbili, kwa sababu kiasi kilichoandikwa upande usio wake huleta tofauti ya mara mbili. Nusu ya 740,000 ni 370,000. Hakukuwa na muamala wa 370,000 mwezi mzima. Hapo ndipo watu huanza kubahatisha, na wengine huandika "marekebisho 740,000" ili wakalale. Usifanye hivyo. Hila ya nusu inafanya kazi kosa likiwa moja tu, nawe hujui bado yako mangapi.

Anza na jumla, kwa sababu ni chache. Tukajumlisha upya daftari la mauzo, ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa wa tatu, juu ya safu ya mamilioni, kulikuwa na moja ya kubeba iliyofifia kwa penseli na haikuhesabiwa. Mauzo sahihi yalikuwa 27,650,000. Kadi hazikuguswa na kosa hili, kwani kila ankara ilipostiwa peke yake. Udhibiti ukapanda hadi 23,570,000, na sasa ndio ukawa mkubwa kuliko orodha, kwa 260,000.

Kisha tukatafuta kilicho kwenye kadi kisichopitia madaftari ya kawaida. Hiki huwa ni kukatana madeni. Duka lina mteja wa Mbarali ambaye pia hulisafirishia mizigo. Alikuwa anadaiwa mbolea, na duka linamdai yeye? La, lilikuwa linadaiwa naye nauli, na wakakubaliana kufutiana 620,000. (Hata mimi ninayeandika nimejikwaa. Ukiona unachanganya nani anamdai nani, chora mishale miwili kwenye karatasi.) Karani alipunguza kadi yake ya mteja, akapunguza na kadi yake ya msambazaji, akasahau kuandika jarida la jumla. Udhibiti wa wadaiwa ukakosa krediti ya 620,000. Tulipoiingiza, ukashuka hadi 22,950,000.

Tofauti mpya: orodha imezidi kwa 360,000. Yaani tumerekebisha kosa la kweli, na tofauti imekua kutoka 260,000. Karani wetu alitaka kurudisha kila kitu kilivyokuwa. Lakini kukua kwa tofauti hakumaanishi umekosea. Makosa mawili yalikuwa yanavutana, ukaondoa moja. Kipimo chako kiwe hati, yaani makubaliano ya kufutiana yaliyosainiwa.

Sasa nusu ya 360,000 ni 180,000. Tukafungua hati za marejesho, na ya pili tu ilikuwa ya 180,000, ya mama wa Tukuyu aliyerudisha mifuko iliyolowa. Kwenye kadi yake ilikuwa imeandikwa upande wa debiti, kana kwamba amenunua tena. Badala ya deni kupungua 180,000 liliongezeka 180,000. Kadi ikarekebishwa, orodha ikashuka hadi 22,950,000, na pande zote mbili zikakutana. Angalia kwamba makosa mawili yalihitaji jarida kwenye leja kuu, na hili la mwisho halikuhitaji, kwa sababu lilikuwa kwenye kadi tu. Anayeandika jarida kwa kila kosa anaharibu udhibiti uliokuwa sahihi.

Jambo la kufutiana lina mkia. Kwa kuwa halikuandikwa kwenye jarida, akaunti ya udhibiti ya wadai, yaani wasambazaji, nayo ilikuwa imezidi orodha yake kwa 620,000 hizo hizo. Kiasi kimoja kikijitokeza kwenye tofauti za pande zote mbili, mtafute kwanza mtu mwenye kadi mbili.

Mambo mawili yasiingizwe kwenye udhibiti wa wadaiwa kabisa, maana kila mwaka nayakuta: mauzo ya taslimu, na tengo la madeni yenye shaka. Tengo ni makadirio yenye akaunti yake. Kinachoingia kwenye udhibiti ni deni lililofutwa kweli kwenye kadi ya mtu.

Na kulingana kusikupe usingizi mzito. Januari mteja wa Mbalizi alipiga simu: "Kaka, mnanidai nini tena? Milioni na nusu niliwalipa kabla ya Krismasi, risiti ninayo." Alikuwa sahihi. Malipo yake yalipostiwa kwenye kadi ya mwenye jina la ukoo kama lake. Jumla ya makusanyo haikubadilika, jumla ya kadi haikubadilika, na udhibiti ulikaa kimya kwa sababu hauwezi kuona kosa la namna hiyo. Vivyo hivyo ankara isiyoingizwa kabisa, au ya 450,000 iliyoandikwa 540,000 tangu kwenye daftari la mauzo: pande zote zinabeba kosa lile lile. Wanaoliona ni wateja wenyewe, kwa hiyo wapelekee taarifa za madeni yao kabla hujafunga, na asiyekubali salio arudi na risiti.

Kwa wasambazaji mwelekeo unageuka: wao ndio wanaokutumia taarifa. Ya msambazaji wa Dar es Salaam mara nyingi itazidi kadi yako. Usikimbilie kumwambia amekosea. Huenda lori bado liko njiani, au fedha uliyotuma tarehe 30 hajaiona. Hizo ni tofauti za muda, na kadi yako haihitaji kubadilishwa kwa ajili yake. Lakini ukikuta ankara anayoitaja, mzigo umo ghalani, na wewe huna karatasi yake, basi deni hilo halimo kwenye kadi wala kwenye udhibiti, ingawa viwili hivyo vinalingana vizuri kabisa. Nenda ghalani na hati za kupokelea mizigo ya Desemba, uzioanishe na ankara moja moja. Hati iliyobaki bila mwenzake ndiyo unayoitafuta.