Ratiba ya zamu: kufunika muda wa wateja wengi bila mishahara kuvuka 20% ya mauzo

Nina mgahawa Mtwara mjini. Tunafungua saa 11 alfajiri kwa ajili ya wasafiri wa mabasi ya Dar na tunafunga saa 4 usiku. Kwa muda mrefu nilikuwa na zamu mbili zenye watu sawa, zinapokezana saa 8 mchana. Saa 8 ndipo foleni ya wali samaki ilikuwa imefika mlangoni, na papo hapo mmoja anahesabu pesa za kukabidhi, mwingine anavaa aproni. Saa 4 asubuhi wahudumu wanne wamekaa, mteja mmoja anakunywa chai. Watu nilikuwa nao wa kutosha, ila walikuwa kazini saa zisizo zao. Hivi ndivyo ninavyopanga sasa.

Hatua ya 1: jua wateja wanakuja saa ngapi. Chukua risiti za mashine ya EFD za wiki nne, kila risiti ina saa yake. Jumlisha mauzo kwa kila saa, na kila siku ya wiki ibaki peke yake. Usichanganye Ijumaa na siku nyingine, maana Ijumaa chakula cha mchana kwangu kinaanza saa 7 na nusu watu wakitoka msikitini. Mimi nilipata vilele vitatu: saa 12 hadi 3 asubuhi, supu na chapati, saa 6 hadi 9 mchana, ambacho ndicho kikubwa, na saa 12 jioni hadi 3 usiku.

Hatua ya 2: jua saa moja ya mtu inakugharimu kiasi gani. Mshahara peke yake unadanganya. Mhudumu wangu analipwa 260,000 kwa mwezi. Ongeza NSSF ya mwajiri 10%, yaani 26,000, WCF 0.5% ambayo ni 1,300, na chakula anachokula kazini, 2,000 kwa siku 26, yaani 52,000. Jumla 339,300. Saa 45 kwa wiki ni saa 195 kwa mwezi, kwa hiyo saa moja ni shilingi 1,740. Mpishi, kwa hesabu hiyohiyo, ni 2,530.

Hatua ya 3: geuza asilimia iwe saa. Mauzo ninayotarajia kwa wiki ni 3,500,000. Asilimia 20 ni 700,000. Wapishi wawili wa saa 45 wanachukua 227,700. Inabaki 472,300, ukigawa kwa 1,740 unapata saa 271 za wahudumu na muosha vyombo. Namba hiyo naiandika juu kabisa ya karatasi kabla sijaandika jina la mtu yeyote.

Hatua ya 4: tenga saa za kudumu na za deiwaka. Hapa ndipo wengi tunakosea. Mtu wa mshahara wa mwezi ukimrudisha nyumbani mapema hujaokoa hata senti, pesa yake iko palepale. Kinachopungua au kuongezeka kwa ratiba ni saa za deiwaka tu. Nina wahudumu watano wa kudumu, saa 225. Zinabaki 46 za deiwaka, ambao nao nawaandikia makubaliano yenye kiwango cha saa, na naweka gharama ileile ya 1,740.

Hatua ya 5: panga zamu zipishane. Kila siku nina zamu nne za watu wa kudumu. Wa kwanza anaingia saa 11 alfajiri na kutoka saa 7 mchana. Wa pili saa 12 asubuhi hadi saa 9 mchana. Wa tatu saa 6 mchana hadi saa 3 usiku. Wa nne saa 7 mchana hadi saa 4 usiku. Kila mmoja ana saa nzima ya mapumziko isiyolipwa, na anaipata wakati wa utulivu: wa asubuhi kati ya saa 3 na saa 6, wa jioni kati ya saa 9 alasiri na saa 12. Juu yao naongeza deiwaka mmoja wa saa tatu kwenye kila kilele. Angalia mchana sasa: kuanzia saa 6 mpaka saa 9 wapo wanne muda wote, na hakuna anayekabidhi kaunta foleni ikiwa imesimama, maana yule wa alfajiri anafunga hesabu yake mapema, saa 5.

Vipande vya deiwaka vingekuwa 21 kwa wiki, nami uwezo wangu ni 15, sawa na saa 45. Nimeondoa vyote vitatu vya Jumapili na vya jioni Jumatatu hadi Jumatano. Zamu za kudumu zinakula saa 217. Nane zinazobaki naziweka Jumamosi, siku ya oda za sherehe.

Hatua ya 6: kagua kabla ya kubandika ukutani. Sheria ya kazi inataka mtu apumzike saa 12 kati ya zamu na zamu, na saa 24 mfululizo kila wiki. Aliyefunga saa 4 usiku asifungue saa 11 alfajiri. Saa kati ya 2 usiku na 12 asubuhi zina nyongeza ya 5% ya mshahara wa msingi. Kwangu ni kama 2,800 kwa wiki kwa wote. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu, kwa hiyo deiwaka ni nafuu kuliko kumbakiza mtu.

Jumla: saa 270 kwa 1,740 ni 469,800, wapishi 227,700, usiku 2,800. Ni 700,300, asilimia 20 na chembe.

Hatua ya 7: Jumatano usiku, hesabu tena. Mauzo yakiwa chini ya matarajio, punguza vipande vya deiwaka vya Alhamisi hadi Jumamosi, uanzie na vya jioni, cha mchana kiguswe mwisho. Ila jua sakafu yako. Watu wangu wa kudumu na wapishi ni 619,200 hata nikiondoa deiwaka wote. Gawa kwa 0.20 unapata 3,096,000. Wiki ikishuka chini ya hapo, ratiba haiwezi kunipa 20% kwa namna yoyote, na kuendelea kukata saa ni kuwatesa watu na wateja bure. Hapo ninaangalia saa za kufungua.

Maswali

*Dada, asante. Na wewe mwenyewe unajihesabu?*

Ndiyo, kwenye mstari wa pili. Siku mbili mpishi mmoja akipumzika nashika mwiko mwenyewe, jumla saa 15. Kwa bei ya mpishi ni 37,950, kwa hiyo asilimia yangu ya kweli ni 21. Usipojihesabu, siku ukiugua ndipo utajua.

*Mimi niko Lindi. Mwezi wa Ramadhani mchana hakuna mtu, ratiba hii inanisaidiaje?*

Usiitumie, andika nyingine ya mwezi huo. Kilele chako ni magharibi, na wa kubeba futari wanaanza kama saa 10 jioni. Sogeza zamu tatu kati ya nne zianze mchana, na mpe mtu wa asubuhi kazi za maandalizi. Likizo za mwaka mkubaliane mapema ziangukie humo, sakafu inakuwa nyepesi kidogo.

*Msimu wa korosho mauzo yangu yanapanda sana, asilimia inashuka hadi 15. Niajiri mtu wa kudumu?*

Hapana kaka, ongeza deiwaka. Pesa za minada zikiisha, mshahara wa huyo mtu utabaki. Lakini 15% pia si habari njema moja kwa moja: simama mlangoni saa 7 mchana, uhesabu wanaochungulia foleni na kuondoka. Wakiwa wengi, watu wako hawatoshi, na mauzo hayo hayapo kwenye risiti yoyote.